Trekta kukosa nguvu hata filta ikibadilishwa: shida ilikuwa tenki la shamba

Trekta letu lilikuwa linakosa nguvu ukishaingia mzigo, unaweka filta mpya ya dizeli linapiga kazi kidogo afu linarudi palepale. Nikaipasua filta ya zamani, ndani kuna utelezi mweusi kama mlenda uliochacha, wala sio vumbi. Hapo nikajua tatizo liko kwenye tenki la akiba pale shambani, maana dizeli ile imekaa toka msimu uliopita.

Nikapaka pesti ya kupimia maji kwenye ncha ya fimbo nikaizamisha mpaka chini, ikabadilika rangi, yaani kuna maji chini. Sasa ule utelezi ni wa vijidudu na kuvu, wanaishi kwenye hayo maji ila chakula chao ni dizeli iliyo juu yake, kwahiyo bila maji hawazaliani. Na maji yanatoka wapi? Tenki likiwa nusu, hewa ya juu ikipoa usiku inatoa umande ndani.

Nilifungua koki ya chini nikakinga kwenye ndoo mpaka ikatoka dizeli safi, iliyobaki nikaihamisha kwa kuichuja, tenki likasuguliwa na kukaushwa (usiingie ndani, mvuke unaua). Ndo nikaweka dawa ya kuua vijidudu kwa kipimo cha kwenye kopo. Ukianza na dawa bila kusafisha, uchafu uliokufa unaenda kuziba filta vilevile.

Siku hizi tenki limeinamishwa kidogo upande wa koki, liko kivulini, linajazwa kabla ya kulala muda mrefu, na maji tunamwaga kila wiki.