Silabi moja

Wiki mbili baada ya kumzika baba, dada yangu na mimi tuligombana juu ya sanduku la barua zake. Sanduku lenyewe halikuwa na thamani yoyote sokoni, na sikumbuki hata nani alianza. Ninachokikumbuka vizuri ni sentensi niliyoitamka mbele ya watu sita, nikiwa nimesimama na mkono wangu juu ya kifuniko: "Wewe ulikuja kuzika, hukuja kuuguza." Dada hakunijibu. Aliokota mkoba wake, akaangalia kama funguo zake zimo, akatoka.

Sentensi ile ilikuwa ya uongo, na katika chumba kile mimi ndiye niliyejua kuliko wote kwamba ni ya uongo, kwa sababu kwa miaka miwili fedha za dawa zilitoka kwake na zilipitia mikononi mwangu. Kazi yake ilikuwa mbali, kwa hiyo alituma, nami nikanunua. Watu waliniona mimi na chupa za dawa, yeye hawakumwona.

Nilijaribu kumpigia simu, hakupokea. Nikaamua kumwandikia shairi, kwa kuwa tangu utotoni tulikuwa tukishindana kutunga, na yeye ndiye aliyenifundisha kuhesabu mizani kwa kugonga meza kwa kidole, nane ukwapi, nane utao. Ubeti wa kwanza ulikuja kwa muda wa nusu saa:

Dada naomba huruma, machozi yananitoka,
Ikiwa nilikusema, hasira zilinishika,
Moyo wangu unauma, usiku nahangaika,
Nisamehe dada mwema, nisizidi kuteseka.

Niliugonga kwa kidole, ukatimia. Vina vilikaa, mizani haikupungua wala kuzidi, nikaenda kulala nikiwa nimeridhika. Asubuhi niliusoma tena nikaona haya. Machozi yalikuwa yangu, moyo ulikuwa wangu, usingizi uliopotea ulikuwa wangu, na dada alitajwa mara mbili tu, na mara zote mbili ili apewe kazi ya kunionea huruma. Neno "ikiwa" lilitilia shaka jambo ambalo watu sita walilisikia. Kibaya zaidi kilikuwa "hasira zilinishika", ambapo hasira ndizo zinazotenda na mimi ndiye ninayetendwa, kana kwamba siku ile nilikuwa nimekaa zangu kimya, hasira zikaingia mlangoni zikautumia mdomo wangu.

Ndipo nilipogundua kwamba sehemu ya lawama ilikuwa ya vina nilivyovichagua. Mtu akishatia kina cha "ma" katika shairi la kuomba radhi, "huruma" inajileta yenyewe, na nyuma yake inafuata "lawama". Kina cha "ka" nacho ni mtego wa aina yake, kwa kuwa kinapenda vitenzi visivyo na mwenyewe: yalitendeka, nilighafilika, ilitamkika. Ni vitenzi vinavyofaa sana kwa mtu anayetaka kosa lionekane kama mvua, jambo lililonyesha tu. Kwa hiyo nilijiwekea sharti moja, kwamba kila kosa litajwe kwa kitenzi ambacho mtendaji wake ni mimi, na kina kitafutwe baadaye.

Kibwagizo kilinisumbua kuliko kingine chochote. Nilikuwa nimekusudia kiwe "nisamehe", nikakumbuka kwamba kibwagizo hurudi mwishoni mwa kila ubeti, na ombi likirudiwa mara tatu huwa ni kumsukuma mtu. Ungamo halimdai msikilizaji chochote, hata likirudiwa. Niliandika hivi:

Nilinena hadharani, kwamba hukumuuguza,
Baba yetu kitandani, tangu alipojilaza,
Nilijua mwangu ndani, kweli ninaigeuza,
Dada nilikukosea, kosa nakiri ni langu.

Kila mwezi mkononi, fedha zako nilishika,
Za dawa na za nyumbani, wala mwezi hukuruka,
Kila usiku simuni, naye baba akicheka,
Dada nilikukosea, kosa nakiri ni langu.

Kina cha "ka" kilirudi, kama msomaji anavyoona, lakini safari hii kila kitenzi kina mwenyewe: mmoja anashika, mwingine haruki, mwingine anacheka.

Kulikuwa na ubeti mwingine ambao sikuupeleka. Siku ile dada naye alikuwa ameniita mlafi kabla sijasema nililosema, na katika ubeti huo nililitaja jambo hilo kwa upole mwingi, kwa maneno ya kumwonyesha kwamba nimeshalisahau. Ulikuwa ubeti mzuri, pengine ulioshinda yote kwa ufundi. Niliukata kwa mkasi ili nisishawishike kuurudisha.

Ubeti wa mwisho ulianza hivi: "Wote waliosikia, nitawapa kweli yote." Nilipougonga mezani ulitimia, lakini sikuweza kuutia katika bahasha. Ahadi ndani ya shairi la radhi ni deni jipya juu ya deni la zamani, na dada angelazimika kungoja aone kama nitalilipa. "Nitawapa" na "nimewapa" zina mizani sawa. Tofauti yake ni silabi moja tu katikati ya neno. Kuibadilisha silabi hiyo kulinichukua siku tisa, kwa sababu ilinibidi niwaendee wale watu sita, mmoja baada ya mwingine, nikawaambie kwamba dada ndiye aliyemtibu baba kwa fedha zake na kwamba mimi nilijua hivyo nilipokuwa nikisema vile. Wawili walinikatiza wakisema yamekwisha, na nikawaomba wanisikilize hadi mwisho. Mmoja, ambaye ni mkubwa wetu kwa umri, alinyamaza kwa muda mrefu, halafu akaniuliza kwa nini nilisema. Nilianza kumweleza uchovu wa kukesha, nikaishia njiani, nikamjibu kwamba nilitaka kumuumiza. Hilo lilikuwa jibu la kweli, na halikuwamo katika shairi wala sikulitia baadaye.

Niliporudi kutoka kwa yule wa sita nilikaa mezani nikaandika kwa kalamu ya wino:

Wote waliosikia, nimewapa kweli yote,
Mmoja mmoja pia, sikumsaza yeyote,
Jibu sitaulizia, kaa nalo siku zote,
Dada nilikukosea, kosa nakiri ni langu.

Sikuambatanisha barua. Nilitia karatasi katika bahasha, nikaituma, na nikajizuia kumpigia simu kuuliza kama imefika, kwa kuwa hilo nalo lingekuwa kuulizia jibu.

Zilipita wiki tatu na siku kadhaa. Simu iliita usiku, saa zile alizokuwa akimpigia baba, na nilipopokea hakunisalimu.

"Ubeti wa pili, mdogo wangu, mshororo wa tatu," alisema. "Haikuwa kila usiku. Jumapili nilikuwa sipigi."

Nilimjibu kwamba ni kweli, dada, nimekosea, ila nikiitia Jumapili hapo mizani itazidi. Nilisikia kidole chake kikigonga kitu kigumu, taratibu, mpaka nane, kisha kikaanza upya.

"Basi iache," alisema. Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza lile sanduku nimeliweka wapi.