Kipa aliyefumba macho

Uwanja wetu hapa Jinja ni hatua 15 tu, kutoka ukuta wa darasa hadi kwenye mwembe. Mstari wa mita 6 wa mpira wa mikono, ule wa mbele ya kila goli ambao mpigaji haukanyagi, ungeumeza wote, nikauchora mita 4. Basi makipa wa darasa la sita wakawa wanafumba macho na kugeuza mgongo. Nikawalaumu, kumbe kosa langu: mpira mgumu, tena karibu mno.

Nikatoa upepo mpaka kidole gumba kikazama kidogo. Sasa hata viganja vidogo vinaushika. Kisha sharti: pasi tatu kwanza, na shuti lidunde chini kabla ya goli. Kipa hupata nafasi ya kuuona. Mpigaji naye huinua kiwiko, maana akirusha kutoka kiunoni haudundi vizuri.

Mwembe bado unadaka kuliko wote.