Juisi ya karela na siku sukari yangu ilivoshuka hadi 2.8

Nina kisukari cha aina ya pili mwaka wa sita sasa, niko Tanga, na dawa zangu wakati ule zilikuwa metformini asubuhi na usiku pamoja na glibenklamaidi ya miligramu 5, pia asubuhi na jioni. Jirani yangu mmoja, namuita kaka japo kanizidi miaka mingi tu, ndo alinianzishia habari ya karela. Yeye anakunywa kila siku na sukari yake iko vizuri, akanambia mdogo wangu hizo dawa za hospitali unajitesa bure, saga karela mbili asubuhi, kunywa kabla hujala kitu, wiki mbili utanishukuru.

Basi nikaanza. Nanunua sokoni Ngamiani, napasua, natoa mbegu, nasaga na maji kidogo, nachuja kwa kitambaa. Inatoka kama glasi moja ya kijani hivi na uchungu wake ukishameza unarudi tena kooni kukusalimia. Dawa za hospitali sikuacha, nilijiona mjanja kwamba nachanganya vyote viwili, huku kisasa huku asili.

Siku kama kumi hivi hakuna kitu. Ile siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, nikasaga karela tatu badala ya mbili kwa sababu zilikuwa ndogo, nikanywa, nikameza vidonge vyangu, halafu fundi akanipigia simu kuna bomba limepasuka kwenye nyumba ya mama nikatoka bila kunywa hata chai. Saa tano kasoro niko juu ya ngazi namshikia fundi tochi, nikaanza kutoka jasho, siyo jasho la joto, jasho la baridi shati lote linanata mgongoni, mikono inatetemeka, njaa ya ghafla kama sijala siku mbili, na fundi ananiuliza kitu namjibu kitu kingine kabisa. Mama akadhani presha. Kwa bahati mke wangu alikuwa njiani anatuletea chakula na mfuko wangu wa kimashine, akapima, 2.8.

Akakoroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, nikanywa, baada ya dakika kumi na tano tukapima tena, 4.6. Nikajisikia mtu mzima, nikasema chakula nitakula baadae nimalizie kazi kwanza. Hapo ndo nilikosea mara ya pili. Saa saba kasoro jasho likarudi, 3.4. Safari hii nikanywa tena maji ya sukari nikala wali palepale, na mke wangu hakunisikiliza, tukaenda hospitali, wakanibakiza hadi kesho yake asubuhi wananipima kila baada ya muda.

Nikauliza kwa nini wasiniruhusu wakati nimeshakuwa sawa. Daktari akanielezea vizuri sana. Glibenklamaidi inaiamrisha kongosho itoe insulini, na haiangalii kama umekula au hujala, inaamrisha tu, na nguvu yake inaweza kwenda siku nzima. Maji ya sukari yanapanda haraka na kushuka haraka, dawa bado ipo mwilini inafanya kazi. Ndo maana mtu wa dawa hizi sukari ikimshuka hata akizinduka asiachwe peke yake, ale chakula cha maana na aangaliwe. Akanipima figo pia maana zikiwa dhaifu dawa inakaa hata zaidi. Za kwangu nzima.

Mimi nilikuwa nasubiri aniambie karela ni uongo wa waganga. Hakusema hivo. Akasema karela inashusha sukari, swali ni kiasi gani, akanitajia utafiti uliofanyika hapahapa kwetu, Moshi, ukatoka 2018. Walichukua watu 52 ambao sukari imeanza kupanda lakini haijawa kisukari, wakawapa unga wa karela gramu 2.5 kwa siku kwa wiki 8, na kipindi kingine wakapewa wa tango ili kulinganisha. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ilishuka kwa 0.31. Yani mtu wa 6.2 anafika 5.9. Wathailandi nao 2011 waliweka karela uso kwa uso na metformini kwa wiki 4, waliopewa unga gramu 2 kwa siku sukari ilishuka, dozi ndogo zaidi ya hapo hazikuonesha kitu cha kueleweka, na metformini miligramu 1000 bado iliishinda hiyo ya gramu 2. Ufilipino 2007 walipima watu 40 kwa miezi mitatu kwa kile kipimo cha HbA1c, kinachoonesha wastani wa sukari ya miezi mitatu, tofauti ikawa ndogo kiasi kwamba huwezi kusema ni karela au ni bahati.

Sasa mimi nikakaa kitandani pale napiga hesabu. Kama karela inashusha sehemu tatu ya kumi, mimi kutoka 8 na ushee hadi 2.8 ile nyingine imetoka wapi? Imetoka kwenye kidonge nilichomeza bila kula. Karela imesukuma mtu ambae tayari alikuwa ukingoni. Tena wale wa Moshi walikuwa hawajafika kwenye vidonge vya kisukari, na walipewa unga uliopimwa kwenye mizani, mimi nasaga kwa macho, leo mbili kesho tatu, na karela yenyewe huwezi jua hii ina nguvu kuliko ile ya jana. Daktari akaongeza kwamba jambo lenyewe siyo geni, 1979 jarida la Lancet liliandika kisa cha mama aliyekuwa anatumia klopropamaidi, ambayo ni ya ukoo mmoja na glibenklamaidi, akawa anakula mchuzi wa karela, na ikaonekana vinaongezana nguvu.

(Shemeji yangu wa Bukoba aliposikia akasema basi hamia kwenye mubirizi, ule mti wa majani machungu ambao wengine tunauita mtukutu. Mtukutu ndo kabisa, sehemu kubwa ya majaribio ni ya panya. Mimi siyo panya.)

Tulichokubaliana na daktari: juisi basi, dozi ya vidonge ibaki ileile, kidonge cha glibenklamaidi kiingie mdomoni na chakula kikiwa mezani, hakuna chakula hakuna kidonge. Na nipime asubuhi kila siku niandike. Karela kama mboga ruksa, kiasi cha kawaida, ila nisianze kitu kingine bila kumwambia. Kwenye daftari siku zile za juisi asubuhi nilikuwa nasoma 7.7, 8.0, 7.9, baada ya kuacha ikawa 8.1, 8.3, 8.2. Siyo utafiti huo, ni daftari la mtu mmoja, lakini nilicheka. Uchungu wote ule kwa pointi tatu! Ugali nilipoupunguza nusu ndo nikaanza kuona 7 na kurudi chini, na jasho la baridi halijanitoka tena.

Kilichokuwa kinanikera ni jirani. Kwa nini yeye anakunywa miaka yote na hajawahi kutetemeka hata mara moja? Nikaenda kwake jioni nikamwambia kaka hebu nioneshe dawa zako. Akanitolea mfuko. Metformini peke yake, na hiyo ikiwa yenyewe ni nadra sana kumshusha mtu sukari hadi pabaya maana haiamrishi kongosho kama ile yangu. Nikamuonesha boksi la glibenklamaidi, akaligeuzageuza, akanambia hiki mimi sijawahi kukiona.