Ramani ya hatari ya mtaa: njia ya kila siku si lazima iwe njia ya kukimbilia

Mtaa tuliouchora una nyumba zipatazo 140, upande mmoja kijito, upande wa pili mwinuko. Hatari kubwa ni mafuriko, na karibu yote nitakayoeleza hapa yanahusu maji.

Tulianza na karatasi nne kubwa za manila tulizoziunganisha kwa gundi kwa nyuma, tukapata eneo la kuchorea lenye urefu wa sentimita 120 na upana wa 80. Skeli tuliyochagua ni sentimita 1 kwa mita 5, kwa hiyo karatasi ilibeba mita 600 kwa 400, na mtaa wote ukaenea. Tulipiga mistari hafifu ya penseli kila baada ya sentimita 10, kila mraba ukawa mita 50 kwa 50. Miraba hii ndiyo inayozuia kosa linalojitokeza kila mara: mtu huchora nyumba yake na jirani zake kwa ukubwa, halafu upande wa mbali unabanwa pembeni.

Umbali tulipima kwa hatua. Kila mpimaji alitembea kwanza mita 50 zilizopimwa kwa utepe, mara tatu, mwendo wake wa kawaida. Anayetumia hatua 70 kwa mita 50 ana hatua ya sentimita 71 hivi, na hesabu hiyo akaibeba siku nzima. Kwa kazi hii usahihi huo unatosha kabisa, mradi mtu asibadilishe mwendo akipanda mwinuko. Kilimani hatua hufupika, na njia ya mita 100 inaweza kuonekana kama mita 120 kwenye karatasi. Kitu cha kwanza kuchorwa ni kijito na barabara kuu ya mtaa. Hivyo viwili ndivyo uti wa mgongo, nyumba zinafuata baadaye, na yote kwa penseli kabla ya wino.

Tulipofika kwenye hatari, wakazi walikaa makundi matatu: akina mama, wanaume, na vijana walio kati ya miaka 10 na 15. Kila kundi lilipewa karatasi yake ya nailoni inayoonesha ya chini, iliyolazwa juu ya mchoro, na kalamu nyekundu. Makundi yakikaa pamoja, wachache huongea na wengine hukubali tu. Yakitengana, tofauti ndizo zinazokupa taarifa. Vijana walitia alama shimo la mtaro lisilo na mfuniko ambalo hakuna mtu mzima aliyelitaja, kwa kuwa wao ndio hupita hapo kwa miguu kila asubuhi. Akina mama ndio waliosema kisima cha chini huwa na maji ya rangi ya chai siku mbili baada ya mvua kubwa.

Kisima hicho kilitufundisha kutenganisha vyanzo vya maji. Kuchora duara la bluu penye maji hakutoshi. Kila chanzo kilipewa herufi, na pembeni tukaandika mambo mawili: kama mafuriko hukifikia, na choo cha shimo kilicho karibu kiko umbali gani. Umbali unaopendekezwa kwa kawaida ni usiopungua mita 30, na kisima cha chini kilikuwa na choo mita 18 tu upande wa juu yake. Tulikichora bluu yenye mkato mwekundu, maana yake maji ya siku za kawaida, si ya siku za mafuriko. Bomba lililo kwenye mwinuko likabaki bluu tupu.

Kwa kina cha maji, usiulize "yalifika mita ngapi". Uliza yalifika wapi mwilini: kifundo cha mguu, goti, kiuno. Kisha nenda na utepe ukatafute doa la tope ukutani. Pale wengi waliposema kiuno, doa lilikuwa sentimita 70 kutoka ardhini, na hiyo ndiyo tuliyoandika. Ikumbukwe kwamba maji yanayokwenda kasi, hata ya sentimita 15 tu, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Kwa sababu hiyo mkondo mfupi wenye nguvu ulipewa rangi nzito kuliko bwawa la kina lililotulia.

Swali lililobadilisha ramani yetu lilikuwa la mpangilio: maji yalifika wapi kwanza, kisha wapi? Tuliweka namba 1, 2, 3 kwenye mchoro kufuata kumbukumbu za wakazi wa kila upande. Kabla ya hapo, makundi yote matatu yalikuwa yamechora mstari wa kijani wa kukimbilia kupitia kalavati hadi uwanja wa juu, mita 380, njia inayotumiwa kila siku. Namba zilipokamilika, kalavati ndilo lilikuwa namba 1. Maji hupita juu yake kabla hayajaingia nyumba yoyote, na anayesubiri kuyaona mlangoni pake anakuta njia imekwisha fungwa. Mstari ule ulifutwa na kuchorwa upya kwa vitone, pamoja na maneno "mapema tu".

Njia ya pili hupanda mwinuko kwa mita 520. Tuliitembea yote kabla ya kuitia wino, mara moja mchana na mara moja usiku kwa tochi. Mtu mzima peke yake alitumia dakika 8. Kikongwe mwenye mkongojo akiwa na mtoto mkononi alitumia 19, na hiyo ndiyo iliyoandikwa. Mchana hatukuona tatizo, usiku tukakuta geti la kiwanja katikati ya njia limefungwa kwa kufuli. Mwenye kiwanja alikubali ufunguo ukae kwa majirani wawili, na nyumba zao zikatiwa alama ya kijani.

Dakika 19 pekee hazitoshi kupanga lini watu watoke. Ongeza dakika 10 za kuamsha watoto na kufunga nyumba, unapata 29. Kwenye nguzo ya kalavati tulipaka mstari wa njano sentimita 30 chini ya sakafu yake. Wakazi walikadiria maji hutoka hapo hadi juu kwa nusu saa. Dakika 29 kwa 30 si nafasi ya kutegemea, tukaushusha mstari hadi sentimita 60. Mvua kubwa iliyofuata jirani mmoja alikaa na saa, maji yakachukua dakika 50 kutoka mstari mpya hadi sakafuni. Hicho ni kipimo cha mvua moja; nyingine inaweza kupanda haraka zaidi, kwa hiyo hatujaupandisha tena.

Nyumba zenye wagonjwa au walemavu hazikuandikwa majina kwenye ramani ya ukutani. Zilipewa namba, na orodha ya namba hizo inakaa kwa watu wawili waliochaguliwa kusaidia. Ramani yenyewe ilipigwa picha kivulini, simu ikiwa sambamba na karatasi na pembe zote nne zikionekana, kabla ya kubandikwa. Usiibandike penye jua: kalamu nyekundu ndiyo hupauka mapema, na ramani inabaki na njia zake lakini bila hatari zake. Kona ya chini ina tarehe, na kila msimu wa mvua ukiisha tunaanza kwa kukagua namba 1 hadi 3 tu, kwa sababu mtaro mmoja ukizibwa au ukuta mmoja ukijengwa, mpangilio huo ndio hubadilika kwanza.