Nilivyoitafsiri barua ya Mwalimu bila kuipoza

Binti alikuja ofisini kwangu, Makadara ya Mombasa, na bahasha mkononi. Ndani mlikuwa na barua ya mapendekezo aliyoandikiwa na mhadhiri wake wa Kiswahili, naye alitaka niitafsiri kwa Kiingereza aiambatanishe na maombi yake ya shahada ya uzamili, Ujerumani. Sikuifungua. Nilimuuliza kama kwenye fomu ya maombi alikubali kwamba hataiona barua hiyo. Akasema ndiyo, kuna kisanduku alikitia alama.

Basi nikamrudishia bahasha yake. Barua ya siri ikipita mikononi mwa mwombaji, uzito wake waweza kupungua hata kama hakuisoma. Nilimwambia amrudishie Mwalimu, na Mwalimu mwenyewe aniletee nakala kwa baruapepe yake ya chuo, na tafsiri ikiwa tayari nitamrudishia yeye. Chuo cha kule kilikuwa kimeshamtumia kiungo cha kupakia barua, na hapo ndipo pa kupitia. Kabla ya kuanza nilisoma pia masharti ya chuo hicho, kwa sababu vingine hutaka mtafsiri aliyeapishwa na vingine huridhika na tamko lililotiwa sahihi. Hiki kilitaka tamko tu.

Nimeshaulizwa kwa nini Mwalimu asiandike Kiingereza moja kwa moja, maana anakijua vizuri. Mwenyewe aliniambia kwenye simu: "Mwanangu, nikiandika Kiingereza nitaandika barua ya kila mtu. Kwa Kiswahili ndiko nimjuako huyu mtoto." Nilimwelewa. Binti anasoma mashairi ya kale ya Mombasa yaliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, na kazi yote hiyo wameifanya kwa Kiswahili.

Barua ilikuwa nzuri, na ugumu ukaanza na sentensi moja: "Ni msichana mwenye adabu, mtulivu, asiyebishana na wakubwa zake." Kwetu hiyo ni sifa kubwa. Mtu akiambiwa hivyo mbele ya wazazi wake, mama hufuta machozi. Lakini niliiandika kwa Kiingereza neno kwa neno, kisha nikaisoma kwa macho ya kamati inayotafuta mtu wa kufanya utafiti. Ilikuwa ikisema: huyu ni mnyamavu, hufuata aambiwalo, hana rai yake. Kila neno lilikuwa sahihi, na barua ilikuwa inamwangusha binti.

Hapa ndipo watafsiri wengi huanza kupamba. Wengine huiruka sentensi, wengine huibadilisha ikawa "ana fikra huru", jambo ambalo mwandishi hakulisema. Zote mbili ni kumtilia mtu maneno kinywani huku sahihi yake iko chini. Niliacha nafasi tupu kwenye rasimu, na baada ya Alasiri nikatembea hadi kwake Kibokoni.

Nilimwamkia, akaniambia niketi. Nikamuuliza: "Mwalimu, uliposema ana adabu, ulikuwa unakumbuka siku gani?"

Alinyamaza kidogo, kisha akanieleza. Siku moja darasani alisoma neno moja la ubeti vibaya, kwa kuwa nukta za herufi zilikuwa zimefifia kwenye hati. Binti hakusema kitu mbele ya wenzake. Jioni alimfuata ofisini na picha ya ukurasa ule aliyoikuza, akamwonyesha nukta mbili pale Mwalimu alipoona moja, akamuuliza kwa upole: "Mwalimu, haiwezi ikawa hivi?" Ikawa ndivyo. Wiki iliyofuata Mwalimu alilisahihisha mwenyewe darasani na akamtaja binti kwa jina.

Nikamwambia, "Basi hilo ndilo neno, Mwalimu. Hilo ndilo watakalolielewa."

"Sasa wataka uliandike?"

"La, uliandike wewe, kwa Kiswahili, kwenye barua yako. Mimi nitatafsiri tu."

Alifanya hivyo. Aliiacha sifa yake ya adabu, akaongeza kisa kile kwa sentensi tatu, akachapisha upya, akatia sahihi na tarehe mpya. Tangu siku hiyo sina njia nyingine: neno likikataa kuvuka, narudi kwa mwenye barua abadilishe asili, ili tafsiri ibaki kuwa tafsiri.

Kwa safari hiyohiyo nilimwomba jambo la pili. Alikuwa ameandika kwamba binti alipata alama 74 katika somo lake. Katika vyuo vyetu Kenya 70 kwenda juu ni A, lakini msomaji wa nchi nyingine anaweza kuiona 74 kama alama ya katikati. Mtafsiri hana ruhusa ya kugeuza alama kuwa za mfumo mwingine. Mwalimu aliongeza mwenyewe kwamba hiyo ni A, na kwamba tangu aanze kufundisha somo hilo mwaka 2011 ni wanafunzi wanne tu waliofikia hapo. Hiyo nafasi ya binti kati ya wenzake ni jambo ambalo kamati nyingi huliangalia.

Heshima ya Mwalimu nayo ilitaka uangalifu. Cheo chake ni Mhadhiri Mwandamizi, na nilitumia jina lilelile la Kiingereza linalotumika chuoni kwake. Kumwita Profesa kungempendeza binti, lakini kamati ikifungua tovuti ya chuo na kukuta cheo kingine, itaanza kuitilia shaka barua nzima. Mwishoni aliandika, "Nawaombeni mumpokee kama mwanenu." Kwa Kiswahili mkubwa akiomba hapungukiwi na kitu, ule ni uungwana wake. Kitenzi kizito cha kuomba kwa Kiingereza kingemfanya aonekane anabembeleza. Nilichukua kile chepesi, cha adabu ya barua za kiofisi, lakini "kama mwanenu" sikuigusa. Joto lote la barua lilikuwa pale, na hakuna lugha isiyojua mwana ni nani.

Kuna na hili la "yeye". Kiswahili hakitofautishi mke na mume, na barua ilikuwa na watu wawili, binti na mwenzake wa kiume waliyekusanya naye hati. Katika sentensi moja nilimpa kijana kazi iliyofanywa na binti. Mwalimu ndiye aliyeliona nilipompelekea rasimu.

Aliona na jingine. Nilikuwa nimeandika neno linalomaanisha "wa ajabu", kwa sababu barua za Kiingereza zimejaa maneno hayo na niliogopa yetu isionekane baridi. Alilipigia mstari kwa kalamu. "Hii si sauti yangu. Mimi nimesema wanne tangu 2011. Yatosha." Nikalitoa.

Kumalizia hakukuwa kugumu. Muhuri na sahihi nilivieleza ndani ya mabano ya mraba mahali vilipokaa, kwa mpangilio wa aya uleule wa asili. Chini niliweka tamko langu: jina, kwamba nazijua lugha zote mbili, kwamba tafsiri ni kamili na sahihi, tarehe, sahihi na namba ya simu. Barua ya Kiswahili ikatangulia, tafsiri ikafuata, zote ndani ya PDF moja, kwa kuwa kiungo kilikubali faili moja tu. Mwalimu aliipakia mwenyewe baada ya Isha, akanipigia kunijulisha kwamba imepokelewa.

Siku chache baadaye nilikutana na binti Marikiti. Aliniuliza Mwalimu ameandika nini. Nikamwambia barua imefika.