Ikizima tunapima

Julai 2016 mdogo wangu alipata fremu Mbagala Rangi Tatu, karibu kabisa na kituo cha daladala. Kwa muda mrefu alikuwa amekaa kwenye meza ya fundi mwingine Kariakoo, akijifunza na kutumwa, na sasa alikuwa na meza yake, blowa yake, pawa saplai yake na deni la kodi. Kilichobaki kilikuwa bango. Akanipigia simu jioni: "Dada, si wewe unafundisha mashairi? Mchoraji anakuja kesho, nataka maneno ambayo mtu akiyasikia mara moja anaondoka nayo."

Nilimkuta na maneno aliyoandika mwenyewe kwenye kipande cha boksi: "Tunatengeneza simu za aina zote kwa bei nafuu." Hayakuwa na uongo, ila mtaa ule ulikuwa na mabango mengine yanayosema hivyo hivyo. Nilimwambia asome kwa sauti, kisha nikahesabu mizani, yaani silabi, kwa vidole: ishirini, bila mahali pa kuvuta pumzi. Neno "tunatengeneza" peke yake linakula sita kabla mtu hajajua unatengeneza nini.

Tukatoka nje tukasimama kituoni kuwasikiliza wapiga debe. Hakuna aliyewafundisha arudhi, zile kanuni za kutunga mashairi, lakini wanaijua. Kila wito wao ni mfupi, unakatika katikati, na sauti inakazwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, palepale Kiswahili chetu kinapoweka mkazo kwa kawaida. Ukipanga maneno mawili yenye silabi sawa, mikazo inaangukia sehemu zilezile na mdomo unapata mwendo wake wenyewe. "Haraka haraka, haina baraka" ni sita kwa sita. Ndiyo maana mtoto hahitaji kuikariri.

Basi nikamjaribishia sita kwa sita: "Simu ikizima, njoo itapona." Ilitamkika vizuri. Kijana wa duka la jirani aliirudia papo hapo. Mdogo wangu hakucheka wala hakuifurahia.

"Dada, sio zote zinapona," akasema. "Ikiingia maji ya chumvi ikakaa wiki nzima kwenye mchele, bodi inakuwa imeshaliwa. Nikiandika itapona, mtu atakuja kunidai."

Nikamwuliza yeye hufanya nini simu iliyozima inapofika mezani. Akanionyesha kwa simu aliyokuwa nayo. Alitoa betri, akaiunga simu kwenye pawa saplai, akaweka volti karibu na nne, kisha akaniambia nitazame namba za ampea. "Zikipanda kabla sijagusa kitufe cha kuwashia, kuna shoti. Nikibonyeza zisisogee kabisa, umeme hauendi: inaweza kuwa kitufe, inaweza kuwa njia imekatika. Zikipanda kidogo zikaganda, naanza kushuku programu." Baada ya hapo ndipo anachukua mita na kufuata njia moja moja kwenye bodi. Hakuwa amegusa risasi ya kulehemu wala blowa bado. Mafundi wengi wanaoharibu simu za watu, alisema, huanza na moto kabla ya kupima.

Neno nililolitafuta alikuwa amelisema mwenyewe. "Zima" na "pima" zinafanana kuanzia irabu ya mkazo hadi mwisho, na kina cha namna hiyo hukaa sikioni kuliko kile cha silabi moja ya mwisho tu. Halafu "tunapima" ni ahadi anayoweza kuitimiza kwa kila simu, hata iliyokufa. Tukaliacha neno "simu" pembeni, kwa sababu mchoraji angechora simu kubwa kwenye bango na jicho lingelisoma lenyewe. Ikabaki: "Ikizima, tunapima." Nne kwa nne.

Ningeishia hapo. Yeye akataka bei iingie, maana mteja wa Mbagala swali lake la kwanza ni "kupima shilingi ngapi?" Kwake kupima kulikuwa bure, na ufundi unalipwa simu ikishawaka. Tulijaribu "mteja" na "fundi" na "malipo", na hapo hesabu zikawa zinatuponyoka. "Mteja" lina mizani tatu kwa sababu ile M inasimama peke yake, lakini "fundi" ni mbili, maana ND inatamkwa pamoja. Maneno kama "skrini" ni hatari zaidi: mmoja husema silabi mbili, mwingine "sikirini", na mdundo unavunjika kwa kila msemaji. Nikamshauri tukae kwenye vitenzi. Vitenzi vyetu vimebeba mtenda, wakati na jambo lenyewe ndani ya silabi nne.

Usiku ule tukapata:

Ikizima tunapima,
ikipona unalipa.

Nane kwa nane, mshororo kamili wa shairi. Mwalimu mkali atasema "pona" na "lipa" havina kina cha kuridhisha, na ni kweli. Nilikitafuta kina hicho nikakipata mara mbili, na mara zote mbili maana ilipotea. Nikaona bora sauti ilegee kidogo upande wa pili kuliko mdogo wangu aahidi kitu asichokifanya.

Asubuhi mchoraji alihesabu herufi kwa penseli akasema, "Mwalimu, hii umeipanga?" Mstari wa kwanza ulikuwa na herufi kumi na tano, wa pili kumi na nne. Hatukuwa tumeipanga, lakini ilimruhusu kuchora herufi nene za kimo kimoja, zinazosomeka na abiria aliyekaa dirishani. Kuhusu vioo, tulikubaliana yaelezwe mezani: bei ya kioo inalipwa kwanza, maana kikishanunuliwa kwa ajili ya simu yako hakirudi dukani. Bango liliongelea simu iliyozima tu.

Na hapo ndipo palipotokea jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyeliwaza. Katikati ya Juni mwaka ule TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilikuwa imefungia simu bandia zisipate mtandao. Mpiga debe mmoja alipoanza kuimba maneno yetu kituoni, watu wakaja na simu ambazo taa yake inawaka, muziki unapiga, ila laini haisomi. "Si mmesema ikizima? Hii wameizima." Sikio lilikuwa limesikia "ikizimwa". Mama mmoja muuza samaki alikuja na simu ya laini mbili aliyoinunua kwa akiba yake. Mdogo wangu akabonyeza *#06#, zikatokea IMEI zake, namba za utambulisho wa simu zenye tarakimu kumi na tano kila moja, akamwambia azitume kwenda 15090. Jibu halikuwa zuri.

"Mwanangu, wengine wanasema namba hizo hubadilishwa," akasema yule mama.

"Mama, hilo ni kosa kisheria, na mimi siligusi. Simu yako itacheza redio na tochi, lakini kupiga haitapiga. Pole sana. Hunidai na sikudai."

Jioni alimwita mchoraji arudi. Nilipendekeza kubadili kitenzi cha kwanza, tuseme "Haiwaki? Tunapima", tukaisoma kwa sauti: nne kwa nne bado, lakini kina kikawa kimekufa na kijana wa jirani akaikosea mara ya kwanza tu. Tukaacha kama ilivyo. Chini ya mistari miwili, kwa rangi nyekundu na herufi ndogo, mchoraji akaongeza: "IMEI hatubadili."