Ujumbe wa Deni la Maji

Machi 2018 nilikuwa na miezi mitano tu kazini, kwenye ofisi ndogo ya mradi wa maji pale Moshi. Kazi yangu ilikuwa mapokezi, simu, na kutuma ujumbe kwa wateja wenye madeni. Ujumbe wenyewe niliukuta kwenye kompyuta, umeandikwa na mtu aliyeondoka zamani, na kila mwezi ulibadilishwa tarehe na kiasi basi:

"Ndugu Mteja, unataarifiwa kuwa unadaiwa malimbikizo ya ankara za maji kiasi cha TZS 38,400. Unatakiwa kulipa kiasi chote kabla ya tarehe 20/03 kwa kutumia kumbukumbu namba iliyopo kwenye ankara. Kushindwa kufanya hivyo kutapelekea usitishwaji wa huduma bila taarifa nyingine na gharama za urejeshwaji TZS 15,000. Endapo umelipa, puuza ujumbe huu."

Wateja waliuchukia. Walikuja dirishani wakisema tunawaandikia kama polisi. Mimi nilikubaliana nao, na nikaona hapo ndipo nitakapofanya jambo la maana. Nikamwomba meneja ruhusa ya kuuandika upya, akanipa bila hata kuinua macho. Nikaandika hivi, na mwisho wake nikaweka kipicha cha tone la maji:

"Habari yako mpendwa wetu! Tunakukumbusha bili yako ya maji, sh 38,400. Ukipata nafasi lipia kabla ya tarehe 20 ili uendelee kufurahia maji safi. Tunakupenda!"

Nilifurahi nao sana. Niliusoma kwa sauti mara mbili kabla ya kuutuma.

Asubuhi ya Jumanne tarehe 20 mafundi waliondoka na spana zao kama kawaida. Saa nne haijafika, akaingia mama mmoja anayeuza mtori jirani na soko la Mbuyuni. Kanga yake ilikuwa na majivu ya jikoni, na simu ameishika mkononi tayari.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu nisomee hii."

Nikamsomea. Nilipofika kwenye "ukipata nafasi" akaninyooshea kidole, nikanyamaza.

"Hapo. Nafasi sikupata. Nina mgonjwa KCMC, wiki nzima napanda na kushuka. Hela ninayo, iko hapa kwenye pochi. Kuna mahali mmesema mnakata?"

Hapakuwa na mahali. Nilitafuta kwenye ujumbe wangu mwenyewe, mbele yake, kana kwamba neno lingejitokeza. Yeye alikuwa na sufuria mbili za ndizi zilizomenywa na wateja wamekaa kwenye benchi, na bomba limefungwa. Kisha nikalazimika kumwambia kuwa kurudishiwa maji ni shilingi 15,000, na hilo nalo ujumbe haukulisema. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Ule wa zamani ulikuwa mkali, lakini ulinionya."

Nyuma yake alikuwa amesimama kijana ana noti mkononi, amekuja kulipa siku hiyo hiyo ya tarehe 20 akiamini amewahi, kumbe kwake fundi alishapita.

Aliyetuokoa ni mhasibu wetu, mzee aliyebakiza mwaka mmoja astaafu. Alisoma ujumbe wangu, akamwambia meneja kuwa hatuwezi kumtoza mtu gharama ambayo safari hii hatukumtajia, na wote waliokatwa siku ile wakarudishiwa maji bila ile 15,000. Jioni, ofisi ilipofungwa, akaniita mezani kwake. Alikuwa amechapisha ujumbe wa zamani kwenye karatasi, na ana kalamu nyekundu.

"Usiniambie upi mzuri. Pigia mstari kila kitu ambacho mteja akikikosa ataumia."

Nikapiga mistari. Kiasi. Kwamba ni chote, si nusu. Tarehe. Namba ya kulipia. Kwamba maji yatakatwa. Kwamba hakuna onyo jingine. Gharama ya kurudishiwa. Kwamba aliyelipa hahusiki. Vitu vinane. Kisha akaniletea wa kwangu, tukatafuta vile vinane humo. Vilikuwamo viwili, kiasi na tarehe, na ile tarehe nayo nilikuwa nimeilegeza mwenyewe kwa "ukipata nafasi". Maneno hayo ni ya adabu, lakini katika Kiswahili yanampa mtu uhuru wa kukataa. Jirani akikuambia ukipata nafasi upite, usipopita hakuna kosa. Nilikuwa nimechukua sharti nikalifanya mwaliko.

Halafu akanionyesha jambo ambalo limenikaa hadi leo. Alisema ukali wa ule wa zamani haukuwa kwenye vile vitu vinane. Tukaangalia: "unataarifiwa" na nani? "Usitishwaji" unafanywa na nani? Hakuna mtu humo ndani. Ni vitenzi vya kutendwa na vitendo vilivyogeuzwa majina, na mteja anaamriwa na ofisi isiyo na sura. Mtu halisi dirishani hasemi "kushindwa kufanya hivyo kutapelekea usitishwaji wa huduma". Anasema "usipolipa, fundi atakuja kukata". Habari ni ile ile, ila sasa yupo anayesema na yupo anayeambiwa. "Ankara" ikarudi kuwa bili, "urejeshwaji" ukawa kurudishiwa maji, "unatakiwa" ikawa tunaomba ulipe. Upole wote ukaingia kwenye salamu na kwenye vitenzi. Fedha, tarehe na kukatwa hatukuvigusa.

Tarehe tuliigusa, kwa kweli, lakini kwa kuikaza. "Kabla ya tarehe 20" kwa mhasibu maana yake mwisho ni tarehe 19. Kwa yule kijana mwenye noti maana yake ni mpaka tarehe 20 jioni. Ujumbe wa zamani ulikuwa na kasoro hiyo miaka yote, na ukali wake uliifunika, maana walioogopa walilipa mapema. Ukishaondoa hofu, tarehe lazima isimame yenyewe. Kwa hiyo tukaandika siku mbili, kila moja na jina lake: Alhamisi tarehe 19 ya mwisho kulipa, Ijumaa tarehe 20 fundi anapita.

Nilitaka tuanze na jina la mteja, niliona ndiyo njia ya kumfanya ajisikie anajulikana. Mzee akatikisa kichwa. Mita nyingi mjini, akasema, bado ziko kwa majina ya wenye nyumba waliokwisha kutangulia, na simu inapokelewa na mjane au mpangaji. Utamwandikia mjane "Habari yako" kwa jina la marehemu mumewe, na chini yake deni. Tukaweka namba ya mita. Shikamoo pia haikufaa, kwa kuwa hujui simu iko mkononi mwa bibi au mjukuu. "Habari za leo" inapita kwa wote.

Na kile kipicha cha tone la maji? Mwisho wa mwezi tuliona bili ya ujumbe haikushuka, ingawa ujumbe wangu ulikuwa mfupi kuliko ule wa zamani. Ujumbe mmoja wa simu hubeba herufi 160 za kawaida, lakini ukiweka kipicha kimoja tu, mfumo hubadili namna ya kuhesabu na ujumbe wote hushuka hadi herufi 70, na ukigawanywa ni 67 kwa kila kipande. Maneno yangu peke yake yalitosha ujumbe mmoja. Kwa kipicha yalitozwa kama matatu. Hata alama ya juu ya "ng'" ikinakiliwa kutoka kwenye barua ikiwa imepindika, badala ya ile iliyonyooka, huleta gharama hiyo hiyo. Tangu hapo naikagua kila mara.

Nilipomaliza nakala mpya nilidhani nitaituma. Mzee akasema mimi na yeye hatufai kuipima, kwa sababu tunajua ulichotakiwa kusema, na macho yetu yatajaza penye pengo. Ipelekwe kwa mtu asiyejua. Nikajua anataka niende kwa nani.

Nilimkuta mama wa mtori wateja wakipungua. Nilimwomba radhi kwanza, akaniwekea bakuli kabla sijamaliza. Nikampa karatasi, nikamwomba aisome, aifunike, kisha aniambie atafanya nini, lini, na asipofanya itakuwaje. Alisoma polepole, akageuza karatasi juu ya meza.

"Nadaiwa elfu thelathini na nane na mia nne. Mwisho Alhamisi. Ijumaa anakuja fundi, na hamtaniambia tena. Kurudishiwa elfu kumi na tano." Akanyamaza kidogo. "Sasa nikilipa elfu ishirini, fundi anakuja au haji?"

Nikafungua karatasi. Nilikuwa nimeandika "Tunaomba ulipe kwa namba ya kumbukumbu". Kile "kiasi chote" nilichokipigia mstari mwenyewe kwa kalamu nyekundu kilikuwa kimeanguka tena, na wala mzee hakukiona.

"Anakuja, mama. Ni lazima deni lote."

"Basi andika lote. Mimi ningeleta ishirini nikalala usingizi."

Nikaliandika palepale, kwa kalamu yake ya kuandikia madeni ya wateja. Nikamuuliza kama lile la fundi kuja kukata linamkera. Akasema hapana, kinachomkera ni fundi kuja hajasemwa. Kuhusu "puuza ujumbe huu" alikuwa na neno: kumwambia mtu aliyelipa apuuze ni kama kumfukuza, mwambieni asante. Nikabadilisha na hilo.

Ukatoka hivi, herufi 297, vipande viwili, wakati ule wa zamani wenye habari zile zile ulikuwa ukitozwa vitatu:

"Habari za leo. Mita 0417 ina deni la sh 38,400. Tunaomba ulipe lote kwa namba ya kumbukumbu iliyo kwenye bili, siku ya mwisho Alhamisi tarehe 19 Aprili. Ijumaa tarehe 20 fundi atapita kukata, hatutatuma ujumbe mwingine. Kurudishiwa maji ni sh 15,000. Kama umeshalipa, asante, ujumbe huu haukuhusu."

Namba ya mita na kiasi nilichoweka hapa ni vya mfano. Hayo mengine ndivyo yalivyotumwa.

Mwezi ule bado watu walikatiwa, wengine hawakuwa na hela na hakuna namna ya kuandika inayoweza kulipa deni la mtu. Lakini asubuhi ya Ijumaa tarehe 20 nilikaa dirishani mvua ya masika ikinyesha, nikisubiri mtu aje na simu mkononi aniambie hapa hamkusema. Walikuja watatu. Wawili walitaka kujua watarudishiwa saa ngapi, na mmoja alileta 15,000 yake ameshaihesabu.

Mama wa mtori alikuwa amelipa Jumatano.